Kampuni ikisema "kifungu hiki hatujakifuata", imevunja sheria?

*"Habari za kazi kaka. Mimi ni mwalimu huku Makambako, nina hisa chache za kampuni ya Kenya ambayo imeorodheshwa na Dar pia. Kwenye ripoti yao ya mwaka wameandika kabisa kwamba kuna kifungu cha mwongozo wa utawala bora hawajakifuata, eti mjumbe mmoja huru amekaa kwenye bodi miaka 11 lakini 'bodi inaamini bado ni huru kutokana na uzoefu wake mkubwa'. Bodi ina watu 9, walio huru wanasema ni 3. Sasa hii si kuvunja sheria? Na nitajuaje kama hayo maelezo ni ya kweli au nazugwa?"*

Nzuri mwalimu, na asante kwa kunukuu yale maneno yao yenyewe, maana hapo ndo kuna kazi. Mimi niliandika hizi kurasa za utawala kwa miaka kadhaa kabla sijarudi Mbeya, kwa hiyo ntakueleza nikiwa upande wa yule aliyekuwa anaziandika.

Sheria hawajavunja kwa kukaa na yule mjumbe miaka 11. Miongozo ya aina hii inaendeshwa zaidi kwa kanuni moja, fuata au eleza. Kinacholazimishwa ni kutoa taarifa, yaani kila mwaka kampuni iseme imefuata nini, haijafuata nini, na kwa nini. Kifungu ambacho si cha lazima kinaweza kuachwa, ila ukikiacha kimya kimya au ukadanganya kwamba umekifuata hapo ndo umekosea. Kampuni mbili zinaweza kuwa na bodi zinazofanana kabisa, mjumbe wa miaka 11 huku na mjumbe wa miaka 11 kule, moja ikaandika ukweli ikawa salama na nyingine ikaandika "tumezingatia vifungu vyote" ikawa imewadanganya wanahisa wake.

Kama umewahi kukaa kwenye kikundi cha vikoba utanielewa haraka. Sanduku lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti, hiyo ndo kanuni. Sasa mama mmoja mwenye funguo kahamia Chunya, kikundi kinabaki na watu wawili wa funguo. Mwenyekiti akisimama siku ya mkutano akasema jamani funguo ya tatu haina mtu, kwa sasa sanduku linakaa kwa fulani, hela zinahesabiwa mbele yenu wote kila Jumatatu, na wiki mbili zijazo tunachagua mtu mwingine, hakuna atakayesema wameiba. Wameacha kanuni lakini wameeleza, wameweka kinga ya muda, na wametaja siku ya kurudi kwenye mstari. Lakini mwenyekiti akisema tu "msiwe na wasiwasi, sisi ni waaminifu", hapo kila mtu anaanza kuliangalia lile sanduku kwa jicho lingine. Maneno uliyoninukuu mwalimu yanafanana na haya ya mwisho.

Utaratibu wenyewe ulianzia Uingereza mwaka 1992, kwenye ripoti ya kamati iliyoongozwa na Adrian Cadbury. Makampuni makubwa yalikuwa yameanguka huku vitabu vyake vikionekana safi, watu wakawa wanataka sheria kali. Kamati ikaona kwamba sheria moja kwa kampuni zote ingezaa watu wa kutafuta mianya, afu kampuni ndogo na kubwa hazifanani, kwa hiyo ikapendekeza mwongozo ambao kampuni inaweza kuuacha kwa sababu ya msingi mradi iwaambie wenye mali, na wenye mali ndo waamue. Hiyo sentensi ya mwisho ishike, tutairudia, kwa sababu mfumo mzima umeegemea hapo, kwamba hakimu ni mwanahisa.

Huku kwetu Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, ilitoa mwongozo wake kwa kampuni zilizoorodheshwa mwaka 2002, miaka minne tu baada ya soko la Dar kuanza kuuza hisa (kampuni ya kwanza kuingia pale mwaka 1998 ni TOL, hawa wenye gesi ya ukaa huku kwetu Rungwe). Nao unataka wakurugenzi waseme kila mwaka kwenye ripoti kama wameufuata, na kama hawajaufuata watoe sababu. Kenya wana mwongozo mpya zaidi wa 2015, na kwa kuwa kampuni yako ni ya kule basi huo ndo wa kushika. Wakenya walibadilisha maneno kidogo, wanasema tumia au eleza, na wakaongeza kitu ambacho wanahisa wengi hawakijui, kwamba kampuni isiyotumia kifungu fulani iseme wazi kwa wanahisa na kwa mamlaka yao, na itoe ahadi thabiti ya kuelekea kukifuata kikamilifu. Kwa hiyo "tunaamini bado ni huru" ikaishia hapo, bila neno lolote kuhusu wanakoelekea, haijatimiza hata huo mwongozo wenyewe. Jambo jingine, mwongozo wa Kenya una sehemu ambazo ni lazima, zimeingizwa pia kwenye kanuni zao za soko, hizo huwezi kuzieleza ukaachiwa, zinafuatwa tu. Na kwa mabenki ni vilevile hapa kwetu, Benki Kuu ina kanuni zake za utawala na zile ni sheria. Kwa hiyo ukisoma "tumeeleza", kwanza angalia kama kifungu chenyewe kiko kwenye fungu la kuelezeka.

Sasa tuje kwa mjumbe wako wa miaka 11.

Mjumbe huru, yaani yule asiye na uhusiano wa kazi wala biashara na kampuni, amewekewa kikomo cha miaka tisa kwa sababu moja, mtu akikaa sana na menejimenti wanakuwa ndugu. Siyo lazima ale rushwa. Anakuwa ndo aliyepitisha mkakati wa miaka ile, ndo aliyemwajiri huyu mkurugenzi mtendaji, kwa hiyo akiulizwa swali gumu kuhusu maamuzi ya nyuma anajiuliza mwenyewe. Mwongozo wa Kenya unasema mjumbe huru asizidishe jumla ya miaka tisa, na akifika hapo anaweza kuendelea kukaa kwenye bodi lakini asiitwe huru tena. Hapa watu wengi wanachanganya. Hakuna aliyesema afukuzwe. Anabadilishiwa lebo tu.

Uliza basi, kama kubadilisha lebo ni rahisi hivyo kwa nini kampuni haikufanya? Chukua kalamu mwalimu, ni hesabu ya darasa la nne. Bodi ina watu 9, mwongozo unataka walio huru wasipungue theluthi, theluthi ya 9 ni 3. Wanao 3, wanatosha sawasawa bila ziada. Mtoe huyu wa miaka 11, wanabaki 2 kati ya 9, yaani asilimia 22, theluthi imevunjika. Haiishii hapo. Kamati ya ukaguzi inatakiwa iwe na wajumbe huru wasiopungua watatu na mwenyekiti wake awe huru, na kampuni nzima ina huru watatu tu, kwa hiyo kwa vyovyote huyu mzee yuko kwenye kamati hiyo, na mara nyingi mwenye miaka mingi ndo anapewa uenyekiti. Ukimbadilisha lebo, kamati ya ukaguzi nayo imevunjika. Kwa hiyo ule mstari mmoja mfupi kuhusu "uzoefu wake mkubwa" umebeba vifungu vitatu. Wamekuambia wamekiacha kimoja, ukweli ni kwamba hicho kimoja kikikubalika kuwa kimeachwa, viwili vingine vinaanguka nacho, na hivyo viwili kwenye ripoti umeandikiwa "tumefuata".

Hii ndo alama ya kwanza ya kuitafuta kwenye maelezo yoyote, je yanataja vifungu vingine vinavyoguswa? Kampuni iliyokaa ikafikiria itavitaja yenyewe. Iliyokopi na kupesti haitavitaja.

Nizungumzie kidogo huko kukopi, maana hata mimi nimewahi kukopi. Mahali nilipokuwa, ripoti ikikaribia tulikuwa tunafungua pidiefu ya mwaka jana, tunabadilisha tarehe na idadi ya vikao, kurasa za utawala zinapita bila bodi kuzijadili hata dakika tano. Mwaka mmoja ilitoka ripoti yenye sentensi "bodi inatarajia kujaza nafasi hiyo mwaka ujao", na sentensi hiyo hiyo ilikuwa kwenye ripoti ya mwaka uliotangulia, neno kwa neno, na mwaka mwingine nyuma yake. Mwanahisa mmoja, mzee mstaafu, alikuja mkutanoni na ripoti zote tatu kazitia alama ya kalamu nyekundu akazifungua mezani moja baada ya nyingine. Mwenyekiti hakuwa na jibu. Mimi ndo niliyeziandika, na lile jambo liliniuma, kwa sababu yule mzee alikuwa ameweka akiba yake pale akiamini kwamba neno "mwaka ujao" lina maana. Tangu siku hiyo ndo nikaanza kuyachukua haya maelezo kama ahadi.

Maelezo mazuri basi yanakuwaje? Tume ya Ulaya mwaka 2014 ilitoa pendekezo linalosema kampuni ieleze mambo matano: imeachana na kifungu kwa namna gani, kwa sababu zipi, uamuzi huo ulifikiwaje ndani ya kampuni, kama ni wa muda basi ni lini itarudi kukifuata, na badala yake imeweka nini kinachofanya kazi ile ile ambayo kifungu kilikusudia. Walifika hapo baada ya kuona uchafu, kwa sababu uchunguzi uliofanywa kwa ajili yao mwaka 2009 ulikuta kwamba katika zaidi ya asilimia 60 ya sehemu ambazo kampuni ziliacha pendekezo, maelezo hayakutosha. Na hiyo ni Ulaya, wana wachambuzi kila kona.

Pima maneno ya kampuni yako kwa hayo matano. Namna, wameitaja, miaka 11. Sababu wameitaja jina tu, "uzoefu", lakini uzoefu si sababu ya kuwa huru. Uzoefu ndo uliozaa tatizo! Mtu mwenye miaka 11 ni lazima awe na uzoefu, na ukikubali sababu hiyo basi kikomo hakipo tena, kwa sababu kila atakayezidi tisa atakuwa nao. Sababu ya kweli ingejibu swali lililo ndani ya kifungu, je anaweza kumpinga mkurugenzi mtendaji? Uamuzi ulifikiwaje, kimya. Mwisho wake lini, kimya. Kinga badala yake, kimya. Moja kati ya matano, tukiwa wakarimu moja na nusu.

Sasa nikuandikie jinsi yangesomeka kama mtu angekaa akayafikiria, hii natunga kwa mfano tu:

*"Mjumbe huyu ametimiza miaka 11 kwenye bodi na hivyo amepita kikomo cha miaka tisa. Mrithi wake aliyependekezwa alijitoa mwezi wa nne kabla ya kuthibitishwa, na bodi iliona kumwondoa sasa kungeiacha kamati ya ukaguzi bila mtu mwenye taaluma ya uhasibu katika mwaka tunaobadilisha mkaguzi wa nje. Kamati ya uteuzi ilijadili suala hili katika vikao viwili ambavyo yeye hakuhudhuria. Kuanzia mwezi wa saba ameacha uenyekiti wa kamati ya ukaguzi na hahesabiwi kuwa huru, kwa hiyo hadi mrithi apatikane kampuni ina wajumbe huru 2 kati ya 9, pungufu ya theluthi inayotakiwa, na kamati ya ukaguzi ina huru 2 badala ya 3. Ataondoka kwenye mkutano mkuu ujao iwe mrithi amepatikana au la."*

Umeona tofauti? Huyu wa pili amekiri makosa mengi zaidi kuliko wa kwanza, amekiri matatu. Ukihesabu tiki, yeye ndo mbaya. Lakini kila sentensi pale unaweza kuikagua mwaka ujao ukajua kama alikuwa anasema kweli. Na ndo maana mimi huwa siamini sana kampuni ndogo inayoandika kila mwaka "tumezingatia mwongozo wote kikamilifu". Inawezekana, sikatai, ila kampuni yenye wajumbe watano sita kufuata kila kitu bila hata kimoja kupishana ni ngumu, na mara nyingi maana yake ni kwamba wametafsiri neno "huru" kwa namna inayowafaa.

Hapo tunafika kwenye swali lako la pili, utajuaje. Ripoti yenyewe ina ushahidi wa kutosha, ila umetawanyika mbali na ukurasa wa utawala, na wanahisa wengi hawafiki huko.

Anza na wasifu wa wajumbe, zile picha za suti. Pale pana tarehe ya kuteuliwa. Hesabu mwenyewe, usitegemee kwamba wamehesabu. Niliwahi kuona miaka ikihesabiwa tangu mtu "alipochaguliwa tena", wakati alikuwa amekaa vipindi viwili kabla, na mwongozo unasema jumla. Kisha nenda kwenye jedwali la mahudhurio. Mjumbe huru aliyehudhuria vikao viwili kati ya vitano hamsimamii mtu yeyote, hata awe huru kiasi gani.

Halafu nenda mwisho kabisa wa hesabu, kwenye zile noti za maandishi madogo, utafute noti ya miamala na watu wenye uhusiano na kampuni. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinalazimisha iwepo, ni kile kinachoitwa IAS 24, na tofauti na ukurasa wa utawala, noti hii iko ndani ya hesabu zilizokaguliwa. Pale ndo utakuta kama kampuni imelipa ofisi ya mawakili ambayo mjumbe ni mbia wake, au imepanga jengo la mjumbe, au imemkopesha. Kama ukurasa wa 40 unamwita huru na noti ya ukurasa wa 130 inaonyesha kampuni yake imelipwa ada ya ushauri, basi umeshapata jibu, na hakuna maneno ya uzoefu yatakayolifuta.

Nasisitiza hiyo ya kukaguliwa kwa sababu watu wanadhani saini ya mkaguzi mbele ya hesabu inafunika kitabu chote. Haifuniki. Kurasa za utawala kwa mkaguzi ni taarifa nyingine, anazisoma kuona kama zinapingana waziwazi na hesabu au na alichokiona kwenye kazi yake, basi. Hajaenda kumhoji yule mjumbe kama ana uhuru. Na mamlaka nayo haiwezi kujua kilichosemwa kwenye chumba cha bodi, ingawa ile ya Kenya hupokea taarifa za kampuni kila mwaka, inazipa alama na kutoa ripoti ya hali ya utawala. Ni msaada mzuri, ila alama inapimwa zaidi kwa kile kampuni ilichoandika.

Mwisho chukua ripoti ya mwaka jana na ya mwaka juzi, kama alivyofanya yule mzee. Ziko kwenye tovuti za makampuni, unashusha kwenye simu. Weka maelezo ya kifungu hicho hicho sambamba. Mwaka juzi mjumbe wako alikuwa na miaka 9. Walisema nini wakati ule? Kama walisema wanatafuta mrithi, na mwaka jana wakarudia, na mwaka huu neno "mrithi" limepotea likaja neno "uzoefu", basi hawakueleza, wamekata tamaa ya kutafuta na wanakuficha.

Sasa tuseme umeshaona yote hayo, mwanahisa anaweza kufanya nini cha maana? Nikupe kisa ambacho kiko wazi kwa kila mtu. Mwezi wa tatu mwaka 2008 kampuni ya maduka ya Uingereza, Marks & Spencer, ilitangaza kwamba mkurugenzi mtendaji wake, Stuart Rose, atakuwa pia mwenyekiti. Mwongozo wa kule unasema kofia hizo mbili zisikae kwenye kichwa kimoja (wa kwetu wa 2002 nao unataka zitenganishwe, na zikiunganishwa wanahisa waelezwe sababu). Kampuni haikujificha. Iliwaandikia wanahisa barua ya kueleza: mpango ni wa muda, mwisho wake ni mwezi wa saba 2011, Rose atapigiwa kura kila mwaka, na kutakuwa na naibu mwenyekiti ambaye ni mjumbe huru wa kumdhibiti. Ukiipima kwa yale matano, barua ile ilikuwa na tarehe, ilikuwa na kinga, ilikuwa na sababu.

Na bado wenye hisa wakubwa walikasirika, wengine wakasema hadharani. Kwenye mkutano mkuu wa 2008 takriban moja ya tano ya kura ama zilimkataa ama zilijizuia. Mwaka uliofuata mifuko ya pensheni ya serikali za mitaa ikaleta azimio kwamba mwenyekiti huru apatikane kufikia mwezi wa saba 2010, likapata karibu asilimia 38. Lilianguka, ndiyo, lakini bodi yoyote inayoona zaidi ya theluthi ya wenye mali wameikatalia haiwezi kulala. Mwaka 2010 akaingia mkurugenzi mtendaji mpya, Marc Bolland, na mwanzoni mwa 2011 mwenyekiti mwingine, Robert Swannell, akachukua kiti. Kofia zikatengana, na kabla ya ile tarehe waliyoahidi.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha kwamba maelezo kuwa mazuri hakumaanishi mwanahisa akubali. Kampuni ilieleza vizuri, wanahisa wakasoma, wakakataa, na tarehe iliyoandikwa kwenye barua ndo ikawa kamba ya kuwafunga nayo. Bila tarehe ile wangebishana hewani.

Lakini lazima nikuambie na upande mchungu. Kule hisa zimetawanyika kwa mifuko mingi, huku kwetu kampuni nyingi zilizo sokoni zina mwenyehisa mmoja mkubwa, mara nyingi kampuni mama ya nje au serikali, mwenye zaidi ya nusu. Huyo akishainua mkono kura imeisha, wewe na mimi na walimu wote wa Njombe tukipinga haibadilishi kitu. Kwa hiyo kabla hujatumia nauli angalia kwenye ripoti orodha ya wanahisa kumi wakubwa. Wa kwanza akiwa na asilimia 60 au 70, kura yako haina nguvu, ila swali lako bado linayo, maana kwenye kampuni ya namna hiyo mjumbe huru ndo mtu pekee aliyewekwa pale kuwaangalia wadogo, na swali likiulizwa mkutanoni linaingia kwenye kumbukumbu za mkutano. Mwakani lipo. Kama hakuna mkubwa wa namna hiyo, tafuta wenzako, hasa mifuko ya pensheni, hao wana watu wa kusoma hizi ripoti na wanapenda kupewa jambo lililoandaliwa.

Namna ya kuuliza: usisubiri siku ya mkutano usimame na maikrofoni, utajibiwa "tumelipokea" ikaisha. Mwandikie katibu wa kampuni mapema ukishapata taarifa ya mkutano, barua au imeili, taja ukurasa. Usiulize "kwa nini hamfuati mwongozo", hilo wana jibu lake limeshachapwa. Uliza mambo yenye jibu la tarehe au namba. Mimi ningeandika hivi:

*"Ukurasa wa utawala unaonyesha mjumbe huru mwenye miaka 11. Naomba kujua: (1) bodi ilijadili uhuru wake tarehe gani na je, yeye alitoka kwenye kikao, (2) asipohesabiwa kuwa huru, wajumbe huru wanabaki wangapi kwenye bodi na kwenye kamati ya ukaguzi, (3) ni mkutano mkuu wa mwaka gani ambao hatagombea tena."*

Maswali matatu tu. La pili ndo zito, kwa sababu wakilijibu kwa ukweli watakuwa wamekiri vile vifungu viwili ambavyo wameviwekea tiki, na wakikwepa kujibu utakuwa umeshajua ulichotaka kujua. Na kama jina lake liko kwenye orodha ya wanaochaguliwa tena mwaka huu na huwezi kusafiri, jaza ile fomu ya mwakilishi inayokuja na taarifa ya mkutano, weka alama kwenye "hapana" ya azimio lake, na uirudishe kabla ya saa walizoandika chini ya fomu, mara nyingi ni siku mbili kabla ya mkutano. Ikichelewa hawaihesabu, kwa hiyo itume kwa imeili siku hiyo hiyo kama wanaruhusu, usiiachie basi la Dar.

Ukipata majibu yao nitumie nione walivyoandika la pili.